Una kilo 46 ama mabegi mawili ya 23? Vile utajua kabla ufike kaunta

Kama umewahi kusindikiza mtu JKIA, hii picha unaijua. Msee amepiga magoti sakafuni, sutikesi imefunguliwa yote, viatu huku, unga wa ugali kule, na watu kwa laini wanaangalia nguo zake za ndani wakijifanya hawaoni. Mathe amesimama kando ameshika kikapu, anauliza, "Kwani si ulipima nyumbani?"

Alipima. Shida haikuwa mizani. Shida ni kwamba alipima kwa hesabu isiyo ya tiketi yake.

Hapa ndio watu wengi hupigwa. Mizigo kwenye tiketi za kwenda nje ya nchi huhesabiwa kwa mifumo miwili tofauti kabisa. Mmoja unahesabu mabegi, mwingine unahesabu kilo. Kwenye tovuti za mashirika ya ndege utaiona ikiitwa Piece Concept na Weight Concept. Sisi hapa tutaiita mfumo wa mabegi na mfumo wa kilo, tuelewane. Ukipaki kwa sheria za mmoja na tiketi yako iko kwa ule mwingine, utalipa doo ambazo hukuwa umepanga, ama utaacha vitu vyako hapo kaunta.

Mfumo wa mabegi

Hapa tiketi inakupa idadi ya mabegi, na kila begi lina kikomo chake. Kwa wengi wanaosafiri daraja la kawaida, kikomo ni kilo 23 kwa begi moja. Daraja la biashara mara nyingi ni kilo 32. Begi pia lina kipimo cha ukubwa: ukichukua urefu, upana na kina ukajumlisha, jibu lisizidi sentimita 158.

Kwa hivyo kuna maswali matatu, na kila moja linasimama peke yake. Mabegi ni mangapi? Kila moja lina uzito gani? Kila moja lina ukubwa gani? Ukipita mawili ukaanguka la tatu, bado utalipa.

Kitu cha kushika hapa ni hiki: kilo za begi moja haziwezi kusaidia begi lingine. Ukiwa na begi la kilo 10 na lingine la kilo 30, usiseme "si jumla ni 40 na nimepewa 46?" Hujapewa 46. Umepewa 23 na 23. Begi la kilo 10 limeacha nafasi ya kilo 13 ambayo imepotea hivyo tu, na begi la kilo 30 limezidisha kilo 7.

Mfumo wa kilo

Huku tiketi inakupa jumla ya kilo, kwa mfano 20, 30 ama 40. Hizo kilo unaweza kuzigawa kwa mabegi vile unataka. Ukiwa na kilo 30 unaweza kubeba begi moja la 30, ama mawili ya 15, ama matatu ya 10. Wakipima wanajumlisha yote, na swali kubwa ni moja: jumla ni ngapi?

Hata hapa kuna ukuta. Begi moja kwa kawaida haliruhusiwi kuzidi kilo 32, hata kama tiketi yako ni ya kilo 40. Hiyo ni kwa sababu ya migongo ya wale wasee wa kupakia mizigo, ju kuna mtu atainua hilo begi kwa mikono akiliingiza kwenye tumbo la ndege. Kwa hivyo ukiwa na kilo 40, beba angalau mabegi mawili. Pia kuna mashirika ambayo yanaweka idadi ya juu ya mabegi hata kwenye mfumo wa kilo, na karibu yote yana kikomo cha ukubwa, ingawa mara nyingi huwa ni kikubwa kuliko zile sentimita 158.

Msee mmoja, mifumo miwili

Sasa nikupe stori ya bro wa beshte yangu, ndio uone vile hii kitu inauma.

Alienda Ghuba kufanya kazi ya usoja. Ajenti alimkatia tiketi ya kwenda hapa Nairobi, na tiketi ilikuwa ya mabegi mawili. Jamaa alibeba begi la kilo 20 na lingine la kilo 12, akapita kaunta bila stori. Kichwani mwake akabaki na kitu kimoja: "Ndege ya Ghuba ni mabegi mawili, kila moja 23."

Miaka miwili baadaye kandarasi imeisha. Mwajiri ndiye alikata tiketi ya kurudi, kule kule, na akamtumia kwa simu. Jamaa aliangalia tarehe na saa, basi. Akaanza kupaki. Begi lilikuwa na kilo 23 kamili. Halafu akafunga katoni ya kilo 22, ndani kukiwa na blanketi nzito ya mathe, sufuria, viatu vya watoto wa sista na manukato ya kuuza mtaani. Alipima kila kitu na mizani ya mkono, mara mbili. Alikuwa na uhakika.

Kwa kaunta aliambiwa ana kilo 45 na tiketi yake ni ya kilo 30. Amezidisha 15. Kila kilo ya ziada ilikuwa dola 12, kwa hivyo waliitisha dola 180. Jamaa alikuwa amebaki na kama dola 70 mfukoni, ju doo zingine zote alikuwa ameshatuma nyumbani. Alilipia kilo 5, yaani dola 60. Kilo 10 zilibaki kwa beshte aliyemsindikiza. Blanketi ya mathe ilikuwa kati ya hizo kilo 10.

Cheki vizuri hapo. Hakuna aliyemdanganya na hakuna sheria iliyobadilishwa usiku. Alikuwa na tiketi mbili tofauti, zilizokatwa na watu wawili tofauti, katika nchi mbili tofauti. Moja ilihesabu mabegi, nyingine ilihesabu kilo. Ile ya kurudi ilikuwa imeandikwa 30K tangu siku ya kwanza. Hakuisoma tu.

Kinyume chake pia hutokea. Binamu yangu alikuwa anaenda masomo Kanada, tiketi ya mabegi mawili ya kilo 23. Ajenti alimwambia kwa simu, "Una kilo 46." Kwa hivyo alijaza begi moja la kilo 29 na lingine la kilo 15. Jumla 44, akajiona yuko sawa na hata amebakisha 2. Kaunta wakamwambia begi la kwanza limezidisha kilo 6 na lina ada yake. Wakafungua mabegi hapo chini, kilo 6 za vitabu na unga zikahamia begi dogo. Sasa likawa 23 kwa 21. Hakulipa hata bob.

Jumla ilikuwa 44 kabla na ikabaki 44 baadaye. Kilichobadilika ni mgawanyo tu. Hiyo ndiyo tofauti ya hii mifumo kwa ufupi.

Kwa hivyo ajenti ama mwajiri akikwambia una kilo 46, muulize hapo hapo: "Ni kilo 46 jumla, ama ni mabegi mawili ya 23?" Kisha usiishie kwa jibu lake. Nenda kwa tiketi.

Soma tiketi, usiulize ndege

Watu wengi huuliza, "Kampuni fulani hutumia mfumo gani?" Hilo swali halina jibu moja. Kampuni ile ile inaweza kutumia kilo kwenye njia moja na mabegi kwenye nyingine. Emirates na Qatar Airways, kwa mfano, hutumia kilo kwenye safari zao nyingi, lakini safari za bara la Amerika zinahesabiwa kwa mabegi. Kwa hivyo ushauri wa beshte aliyepanda ndege hiyo hiyo mwaka jana akienda kwingine hauwezi kukusaidia. Hata yeye mwenyewe hauwezi kumsaidia safari ijayo.

Kinachokuambia ukweli ni risiti ya tiketi ya kielektroniki, ile iliyotumwa kwa barua pepe baada ya kulipa. Sio ule ujumbe ajenti alikuandikia WhatsApp, wala sio karatasi ya ratiba aliyochapa mwenyewe. Fungua ile yenyewe na utafute neno Baggage, Allowance ama Bag. Iko kando ya kila ndege utakayopanda. Hapo utakuta kifupi kama hivi:

```
1PC   begi moja
2PC   mabegi mawili
30K   kilo 30 jumla
NIL   hakuna begi la kuingia tumboni
0PC   hakuna begi la kuingia tumboni
```

Ukiona PC, uko kwenye mfumo wa mabegi. Ukiona K ama KG pekee yake baada ya nambari, uko kwenye mfumo wa kilo. Rahisi hivyo. Wakati mwingine utaona zote pamoja, mfano 2PC kisha maelezo kwamba kila moja isizidi 23KG. Hiyo bado ni mabegi. Ukiona PC popote, idadi ndiyo inatawala, na zile kilo ni kikomo cha kila begi.

Kuna mtego mdogo kwenye PC. Tiketi ikisema 2PC bila kitu kingine, imekuambia idadi lakini haijakuambia uzito. Usidhani ni 23 kila mahali. Ingia kwenye tovuti ya shirika, sehemu iliyoandikwa Manage Booking, weka jina lako la ukoo na ile nambari ya buking yenye herufi na tarakimu 6. Hapo wataonyesha uzito wa kila begi. Ukikuta sehemu ya kununua mizigo ya ziada, usiilipie bado. Soma kwanza kile ambacho tayari umepewa.

Na zile NIL na 0PC usizipuuze. Siku hizi bei ya chini kabisa kwenye mashirika mengi inakuja bila begi la tumboni. Unapata mkoba wa mkononi tu. Tiketi mbili za ndege moja, siku moja, zinaweza kuwa na mizigo tofauti kwa sababu mmoja alinunua bei ya chini na mwingine bei ya juu kidogo. Ukikuta tiketi ya bei poa sana, mara nyingi begi ndilo limetolewa.

Ukipanda ndege za kampuni mbili

Hapa ndio mambo huchanganya hata ajenti wengine. Tuseme unaenda Guangzhou kuchukua bidhaa za kuuza Kamukunji. Unapanda kampuni moja Nairobi mpaka Dubai, halafu kampuni nyingine Dubai mpaka Guangzhou. Ya kwanza inahesabu mabegi, ya pili inahesabu kilo. Utafuata sheria za nani?

Jibu linaanza na swali lingine: una tiketi moja ama mbili?

Tiketi ya ndege ina nambari ya tarakimu 13. Zile 3 za mwanzo zinaonyesha ni shirika gani limetoa hiyo tiketi. Kwa mfano, tiketi za Kenya Airways zinaanza na 706 na za Emirates zinaanza na 176. Angalia risiti yako. Kama ndege zako zote zimeandikwa chini ya nambari moja, hiyo ni tiketi moja. Kama ndege ya kwanza ina nambari yake na ya pili ina nyingine inayoanza kwa tarakimu tofauti, una tiketi mbili, hata kama ajenti alikuuzia kama kifurushi kimoja na hata kama nambari ya buking ni moja. Wengine huunga tiketi hivyo ndio bei ishuke, na hawakuambii.

Ukiwa na tiketi mbili, kila moja ina sheria zake. Kampuni ya pili haina haja na kile ya kwanza ilikuruhusu. Unaweza kutoka Nairobi na mabegi mawili ya 23 bila shida, ufike Dubai uambiwe tiketi ya pili ni ya kilo 30, na zile kilo 16 za juu uzilipie. Ukiwa na tiketi mbili, paki kwa ile iliyo kali kuliko nyingine. Hii inagusa pia wasee wa Mombasa na Kisumu wanaonunua ndege ya kufika Nairobi kando. Ndege za ndani ya nchi mara nyingi zinaruhusu mzigo kidogo kuliko ile ya majuu, na ada inaweza kuanzia hapo nyumbani kabla hata hujaona JKIA.

Ukiwa na tiketi moja, mambo ni tofauti. Lengo la sheria za kimataifa ni safari nzima ya upande mmoja ifuate utaratibu mmoja wa mizigo, usibadilishiwe katikati. Muungano wa mashirika ya ndege duniani, IATA, una azimio nambari 302 ambalo linaeleza ni sheria za nani zitafuatwa. Umegawa dunia kwa maeneo matatu. Eneo la 1 ni bara la Amerika, kaskazini na kusini. Eneo la 2 ni Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati. Eneo la 3 ni Asia yote iliyobaki pamoja na Australia na visiwa vya Pasifiki.

Safari ikivuka kutoka eneo moja hadi jingine, kwa kawaida sheria zinazofuatwa ni za kampuni inayofanya ule mruko wa kuvuka. Rudi kwa safari yako ya Guangzhou. Nairobi na Dubai zote ziko Eneo la 2, kwa hivyo mruko wa kwanza haujavuka kitu. Dubai mpaka Guangzhou ndiko unavuka kuingia Eneo la 3. Kwa hivyo kampuni ya pili, ile ya kilo, ndiyo inaamua mzigo wako, na inaamua tangu Nairobi. Utafika kaunta JKIA mbele ya kampuni ya mabegi na bado upimiwe kwa kilo. Wengi hapo huanza kupiga kelele, "Lakini nyinyi si mabegi mawili?" Kelele haitasaidia, ju wanafuata kile tiketi inasema.

Marekani wana utaratibu wao. Kwa sheria ya Idara ya Uchukuzi ya huko, iliyotolewa 2011, tiketi ambayo mwanzo wake ama mwisho wake ni Marekani lazima ifuate sheria za mizigo zile zile zilizotumika mwanzo wa safari, mpaka mwisho, hata ukibadilisha ndege mara tatu. Kanada nayo inataka tiketi moja iwe na utaratibu mmoja wa mizigo. Kwa hivyo ukitoka Nairobi kwenda Amerika Kaskazini na tiketi moja, kile umeandikiwa mwanzoni ndicho kitakufikisha.

Huhitaji kukariri haya maeneo. Mfumo wa kuuza tiketi ndio hufanya hiyo hesabu na kuandika jibu, ile 2PC ama 30K, kando ya kila ndege. Nimekueleza ndio ikitokea tiketi inaonyesha kitu ambacho hukutarajia, ujue si lazima iwe makosa. Lakini ukikuta tiketi moja, upande mmoja wa safari, na ndege ya kwanza imeandikwa 2PC na ya pili imeandikwa 30K, hapo usinyamaze. Andikia shirika lililotoa tiketi kabla ya kusafiri, uliza ni gani inafuatwa, na uweke jibu lao kwa simu.

Ukizidisha, utalipa vipi

Malipo yenyewe pia yanafuata mfumo, na ukijua hii unaweza kuokoa ganji.

Kwenye mfumo wa kilo, hesabu ni ya kuzidisha. Kilo zilizozidi mara bei ya kilo moja. Yule jamaa wa Ghuba alikuwa 15 mara dola 12. Uzuri ni kwamba kila kilo unayotoa inapunguza bili hapo hapo. Ukivaa jaketi nzito na kuhamisha viatu kwa mkoba wa mkononi, mradi mkoba wenyewe usizidi kikomo chake, unaona tofauti mara moja. Pia mkisafiri wawili kwenye buking moja, mashirika mengi yanakubali kujumlisha kilo zenu. Wewe ukiwa na 35 na mwenzako 24, kwa tiketi za 30, jumla ni 59 kati ya 60. Mko sawa, lakini mwende kaunta pamoja.

Kwenye mfumo wa mabegi, ada huwa ni ya begi na sio ya kilo. Kuna ada ya begi la ziada, kuna ada ya begi zito lililo kati ya kilo 23 na 32, na kuna ada ya begi kubwa lililopita zile sentimita 158. Mtego ni kwamba zinaweza kupandana. Begi la tatu lenye kilo 28 linaweza kulipiwa mara mbili: mara moja kwa kuwa la tatu, mara nyingine kwa kuwa zito. Na kutoa kilo 2 kwenye begi la kilo 28 hakukusaidii kitu, ju bado liko juu ya 23. Ama ulishushe mpaka 23, ama uache kujisumbua. Wakati mwingine kulipia begi la tatu la kilo 23 ni bei nafuu kuliko kujaza mawili mpaka yazidi. Linganisha bei kabla ya kuamua, na ukiwa unajua utazidisha, nunua mapema mtandaoni. Kaunta mara nyingi ndiko bei iko juu.

Televisheni ndiyo mfano mzuri wa ukubwa. Watu wa Ghuba wanapenda kurudi nayo. Boksi la inchi 43 linaweza kuwa na kilo 12 tu, kwa hivyo unaona ni jepesi. Lakini ukipima, tuseme, sentimita 105 urefu, 65 upana na 14 kina, jumla ni 184. Kwenye mfumo wa mabegi hilo limepita 158, na utalipa ada ya ukubwa hata kama ni jepesi. Kwenye mfumo wa kilo linaweza kupita kama kilo 12 za kawaida, mradi kikomo cha ukubwa cha shirika hilo ni kikubwa. Boksi ni lile lile, lakini jibu linategemea tiketi.

Paki kulingana na tiketi

Ukishajua mfumo wako, kupaki kunabadilika. Kwenye mabegi, lengo ni kusawazisha: kila begi likaribie 22, uache kilo moja ya mizani ya kaunta kutofautiana na yako. Usiende na begi moja ukiwa umepewa mawili, ju la pili halikulipi ukiliacha.

Kwenye kilo, adui yako ni begi lenyewe. Sutikesi ngumu kubwa inaweza kuwa na kilo 5 ikiwa tupu. Ukibeba mbili, kilo 10 kati ya 30 zimeisha kabla hujaweka hata soksi. Hapo begi jepesi la turubai ni bora kuliko sutikesi ya kuringia.

Na mtu wako akiwa majuu anajiandaa kurudi, usimuulize tu anafika saa ngapi. Mwambie afungue tiketi ya kurudi, atafute pale pameandikwa Baggage, na akutumie picha ya skrini. Ikisoma 30K, mwambie mapema apunguze katoni. Hiyo picha moja ndiyo ingefikisha blanketi ya mathe nyumbani.